Milioni 250 za uzeeni zitanunua nini?

Habari za kazi, Mshauri. Nina miaka 35, nimeajiriwa, na mshahara wangu ni 1,000,000 kwa mwezi. Natarajia kustaafu nikiwa na miaka 60. Kila mwezi mfuko wangu wa pensheni unapokea 150,000: mimi nakatwa 50,000 na mwajiri anaweka 100,000. Humo ndani tayari nina 6,000,000. Mfuko unasema faida yake ni kama asilimia 10 kwa mwaka, na bei za vitu zimekuwa zikipanda kama asilimia 6.

Nimepiga hesabu ya miaka 25 nikapata milioni 250. Faida ya asilimia 10 juu ya hizo ni milioni 25 kwa mwaka, yaani zaidi ya 2,000,000 kwa mwezi bila kugusa mtaji. Ninachohitaji uzeeni ni nusu tu ya mshahara wa sasa, 500,000 kwa mwezi kwa maisha ya leo. Kwa hiyo niliona nimeshamaliza. Lakini kaka mmoja wa idara ya uhasibu ameniambia nisijidanganye, hela hiyo haitanifikisha popote. Nani yuko sahihi, na kama ni yeye, nifanye nini?

Msomaji, mwenye miaka 25 mbele yake

*

Dada yangu, nimeirudia hesabu yako na nimepata jibu lilelile. Michango ya 150,000 kila mwezi kwa miaka 25, ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, inafika milioni 185. Zile 6,000,000 ulizonazo zinajizidisha karibu mara 11 na kuwa milioni 65. Jumla ni milioni 250, hujakosea kuzidisha. Tatizo ni kwamba umeweka pamoja fedha za nyakati mbili. Zile 500,000 unazohitaji ni za leo, na milioni 250 ni za siku utakayofikisha miaka 60. Huwezi kuzilinganisha kabla hujazileta kwenye mwaka mmoja.

Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka kwa miaka 25, kitu cha 100 leo kitauzwa karibu 429. Kwa hiyo mahitaji yako ya 500,000 yatakuwa 2,146,000 kwa mwezi siku unastaafu. Na milioni 250, ukizigawanya kwa 4.29, zina nguvu ya kununua ya milioni 58 za leo. Jiulize kama mtu akikupa milioni 58 sasa hivi na kukuambia hutapata mshahara tena maisha yako yote, ungeona umemaliza.

Utaniambia kwamba hata hivyo faida peke yake inatosha. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu hesabu hii imewapotosha watu wengi makini, na huwapotosha kwa kuwa mwanzoni inaonekana kweli. Mwezi wako wa kwanza wa kustaafu utachukua faida ya 2,083,000. Kwa bei za leo hiyo ni kama 485,000, pungufu kidogo tu ya lengo lako. Utalipa bili zako, utaona mtaji wa milioni 250 uko palepale, na utaamini kaka wa uhasibu alikutisha bure. Mwaka wa pili utapata 2,083,000 zilezile, ila bei zimepanda. Mwaka wa tatu vilevile. Kwa mfumuko wa asilimia 6, bei huongezeka mara mbili kila baada ya miaka 12 hivi. Ukifikisha miaka 72, faida yako itanunua vitu vya 241,000 za leo. Ukifikisha 84 itanunua vya 120,000. Taarifa ya mfuko itaendelea kuonyesha milioni 250, hakuna hata senti iliyopungua, na wewe utakuwa unaishi kwa robo ya kile ulichoanza nacho, katika umri ambao matumizi ya dawa na msaidizi wa nyumbani huwa yanaongezeka.

Sababu yake ni kwamba katika ile asilimia 10, asilimia 6 si mapato ya kula. Hiyo ni fidia ya kupanda kwa bei, na inabidi irudi ndani ya mtaji ili mtaji ubaki na nguvu yake. Cha kula ni kile kinachobaki juu yake, chini kidogo ya asilimia 4. Ukila yote, unaula mtaji bila kuuona ukipungua.

Sasa tuipange hesabu upya. Njia rahisi, na ndiyo ninayompendekezea kila mwajiriwa, ni kufanya kila kitu kwa fedha za leo tangu mwanzo hadi mwisho. Mshahara uwe wa leo, michango iwe ya leo, lengo liwe la leo. Ukifanya hivyo, faida unayotumia si asilimia 10 tena, ni faida halisi, yaani faida baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Wengi hutoa tu: 10 kutoa 6 ni 4. Usitoe, gawanya. Chukua 1.10 ugawanye kwa 1.06, unapata 1.0377, yaani asilimia 3.77. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa miaka 25 na namba zako, kutumia 4 badala ya 3.77 kunakuongezea zaidi ya milioni 3 za leo ambazo hazipo.

Kwenye lahajedwali ya kompyuta fomula ni hizi. Ya kwanza, uiweke kwenye kisanduku B1, inatoa faida halisi ya mwezi mmoja wakati unachangia. Ya pili, ya B2, ni ya wakati umestaafu, na nitaeleza baadaye kwa nini nimeweka 1.08.

```
=(1.10/1.06)^(1/12)-1
=(1.08/1.06)^(1/12)-1
=FV(B1,300,-150000,-6000000)
=PV(B2,360,-500000)
```

Fomula ya tatu inakuambia utakuwa na kiasi gani baada ya miezi 300, na ya nne inakuambia unahitaji kiasi gani ili ulipwe 500,000 kwa miezi 360. Alama ya kutoa mbele ya namba, kwenye fomula ya tatu inamaanisha fedha inatoka mfukoni kwako kwenda kwenye mfuko, na kwenye ya nne inamaanisha fedha inatoka kwenye mfuko kuja kwako. Ukiisahau kwenye mojawapo tu, jibu litatoka la ajabu, na hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Ile ya tatu inatoa milioni 89 za leo. Utashangaa, kwa sababu hapo juu nimesema milioni 250 zako ni sawa na milioni 58 za leo. Hizo milioni 31 zilizoongezeka zimetokana na kosa lako la pili, ambalo safari hii lilikuwa linakuumiza. Ulichukulia kwamba utachangia 150,000 hadi siku ya mwisho. Lakini mchango wote, wako na wa mwajiri, ni asilimia 15 ya mshahara, hivyo mshahara ukipanda na mchango unapanda. Hesabu ya fedha za leo inachukulia kwamba mshahara wako utakuwa unapanda sawasawa na bei, hakuna zaidi. Basi hilo ndilo dhana kubwa iliyojificha ndani ya milioni 89, na inafaa uitazame kwa macho yako. Mwajiri asipopandisha mshahara miaka 25, unarudi kwenye milioni 58. Akipandisha kidogo kuliko mfumuko, utakuwa katikati. Angalia hati zako za mshahara za miaka iliyopita, linganisha nyongeza na kupanda kwa bei, utajua uko upande gani.

Kuna marekebisho madogo pia. Fomula inadhani mchango unapanda kila mwezi, ilhali mshahara hupanda mara moja kwa mwaka, tena kama unapanda. Kati ya nyongeza moja na nyingine, mchango unapungua thamani. Kwa mfumuko wa asilimia 6 hilo linakula karibu asilimia 3 ya michango yote. Si jambo la kukukosesha usingizi, ila nitaliingiza kwenye mapendekezo ya mwisho.

Tuje upande wa pili: unahitaji kiasi gani? Hapa kuna mambo mawili ya kuamua, na yote mawili ningekuomba uyaamue kwa tahadhari.

La kwanza ni miaka. Nimetumia 30, yaani kutoka 60 hadi 90. Watu huniandikia kwamba wastani wa umri wa kuishi ni mdogo kuliko huo. Wastani unaotajwa huhesabiwa tangu kuzaliwa, ndani yake wamo waliofariki wakiwa wachanga na waliofariki ujanani. Mtu ambaye ameshafika 60 ana miaka mingi mbele yake kuliko wastani ule unavyoonyesha. Tena, hata wastani wa waliofika 60 ni wastani tu, wengi wanaupita. Ukipanga fedha ziishe kwenye wastani, umekubali kwamba kuna uwezekano mkubwa wa kuishi miaka kadhaa bila kitu.

La pili ni faida wakati umestaafu. Ukiwa na miaka 35 mfuko unaweza kuweka fedha yako kwenye hisa na majengo, soko likianguka kuna muda wa kulisubiri. Ukishaanza kuchota kila mwezi huna muda huo. Soko likishuka mwaka wako wa kwanza wa kustaafu, unalazimika kuuza vipande vingi zaidi vya uwekezaji wako ili kupata 500,000 zilezile, na vipande ulivyouza havitakuwepo soko likipanda tena. Ndiyo maana fedha za wastaafu huwekwa zaidi kwenye hatifungani na amana, ambako faida ni ndogo. Nimetumia asilimia 8 badala ya 10. Ukiondoa mfumuko, faida halisi inabaki asilimia 1.89.

Kwa dhana hizo, kulipwa 500,000 za leo kila mwezi kwa miaka 30 kunahitaji milioni 137.7 za leo. Wewe unaelekea kwenye milioni 89. Pengo ni milioni 48.6.

Maana yake katika maisha ni hii. Ukichukua 500,000 kila mwezi kama ulivyopanga, mfuko unakauka baada ya miaka 17 na miezi mitano, ukiwa na miaka 77. Ukitaka udumu hadi 90, jilipe 324,000 kwa mwezi, chini ya theluthi ya mshahara wako wa sasa. Basi kaka wa uhasibu yuko sahihi kwamba hujamaliza. Lakini kusema haitakufikisha popote amezidisha. Umeshafika karibu theluthi mbili ya lengo kwa makato ya kawaida tu, na bado una miaka 25.

Kama kuna pensheni nyingine ya lazima utakayolipwa nje ya mfuko huu, hujaitaja, iondoe kwenye 500,000 kabla ya kutumia fomula ya nne. Lakini uliza kwanza kama huwa inapandishwa kila mwaka kufuatana na bei. Isiyopandishwa itakufanyia kile kile ambacho faida yako ya 2,083,000 ingekufanyia. Swali hilohilo uliulize siku kampuni ya bima itakapokuja na pensheni ya maisha, ile ya kukabidhi mkupuo wako wakulipe hadi kufa. Ni bidhaa nzuri kwa anayeogopa kuishi muda mrefu kuliko fedha zake, ila inayolipa kiwango kisichobadilika huanza juu ikavutia, na miaka 12 baadaye imebaki nusu.

Tulizibe pengo. Ukishikilia kustaafu miaka 60, mchango wa ziada ni karibu 98,500 kwa mwezi kuanzia sasa, yaani jumla ipande kutoka 150,000 hadi 248,500. Hiyo ni robo ya mshahara. Kama mwajiri hataongeza, yote inatoka kwako, na makato yako yanapanda kutoka 50,000 hadi karibu 150,000. Sidhani ni haki kukuambia ufanye hivyo bila kujua nani anakutegemea nyumbani.

Sasa angalia kinachotokea ukifanya kazi hadi 63. Kuna watu wakisikia wafanye kazi miaka mitatu zaidi wanaona ni adhabu, lakini hakuna badiliko lingine lenye nguvu kama hilo, kwa sababu linavuta kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Michango inaongezeka kwa miezi 36. Fedha zilizokwisha kusanywa, ambazo wakati huo ni nyingi, zinapata miaka mitatu mingine ya kukua bila kuchotwa. Na miaka ya kulipwa inapungua kutoka 30 hadi 27. Kwa mchango wako wa sasa, milioni 89 zinakuwa milioni 105. Mahitaji yanashuka kutoka milioni 137.7 hadi 127.1. Pengo la milioni 48.6 linabaki karibu milioni 22, na mchango wa ziada wa kuliziba ni 37,000 tu kwa mwezi badala ya 98,500.

Ushauri wangu ni huu: panga kwa miaka 63, na uongeze 50,000 kwa mwezi, mchango wote ufike 200,000. Nimezidisha kidogo juu ya 37,000 kwa sababu ya ile asilimia 3 ya nyongeza za mshahara zinazochelewa. Kwa mpango huu, ukiingiza na hilo, utafikisha miaka 63 ukiwa na kama milioni 131 za leo, zitakazokulipa 517,000 kwa mwezi hadi 90. Kama kazi yako au afya haitakuruhusu kufika 63, au kanuni za mwajiri zinakulazimisha kutoka ukiwa na 60, hilo ulijue sasa, si ukiwa na 58. Na usiseme utaanza ukifikisha 40. Ukisubiri miaka mitano, zile 37,000 za kuziba pengo zinakuwa 50,000, kwa matokeo yaleyale.

Hata hivyo, kila nilichoandika kimesimama juu ya asilimia 10, na hiyo ndiyo namba dhaifu kuliko zote. Muulize ofisa wa mfuko swali moja: asilimia 10 ni kabla au baada ya ada za usimamizi? Mifuko mingi hutangaza faida ya uwekezaji, kisha inaweka kwenye akaunti ya mwanachama kiwango kilichobaki baada ya gharama. Kinachokuhusu ni hicho cha pili, nacho kimeandikwa kwenye taarifa yako ya mwaka. Kwa mpango wa 200,000 hadi miaka 63, faida ikiwa asilimia 9 badala ya 10, pensheni yako inashuka kutoka 517,000 hadi 440,000. Ikiwa 8, ni 377,000. Asilimia moja inayoonekana ndogo kwenye karatasi inakula takriban moja ya saba ya pensheni ya maisha yako yote. Kwa hiyo usitembee na jibu moja. Fanya hesabu mara tatu, kwa 8, 9 na 10, mfumuko ukiwa 6, na upange maisha yako kwa ile ya katikati.

Ukibadilisha namba, zibadilishe kwa pamoja. Miaka ambayo bei zinapanda sana, mara nyingi na riba zinapanda, kwa hiyo kuweka mfumuko wa asilimia 9 na kuacha faida ikiwa 10 kutakutisha kuliko inavyostahili. Na kuweka faida ya 13 iliyotokea mwaka mmoja wa bei za juu, huku mfumuko ukiuacha kwenye 6, ni kujidanganya kwa upande wa pili. Kinachoamua maisha yako ni tofauti kati ya hizo mbili.

Jambo la mwisho la kujihadhari ni zile 6,000,000. Kwa kawaida hatari haiko kwenye soko, iko siku unabadilisha kazi. Unapewa fomu, na kwenye fomu kuna chaguo la kutoa akiba yako au kuihamishia kwenye mfuko wa mwajiri mpya. Milioni sita zinaonekana kama hela ya kumalizia deni au kununua kitu. Kwa faida halisi ya asilimia 3.77, ukifika 63 zitakuwa karibu milioni 17 za leo, na zitakulipa kama 66,000 kila mwezi kwa miaka 27. Chagua kuhamisha.

Ukishaanza, mpango wenyewe utakuambia kama umepotea njia. Kila mwaka taarifa ya mfuko ikifika, usiangalie tu kama salio limeongezeka, kwa sababu litaongezeka hata kama unarudi nyuma. Linganisha na lengo. Kwa michango ya 200,000 na faida ya asilimia 10, baada ya mwaka mmoja unatakiwa kusoma karibu milioni 9.1. Ukifikisha miaka 40 unatakiwa kuwa na milioni 20 kwa fedha za leo, ambazo kwenye taarifa ya mwaka huo zitasomeka karibu milioni 26.8 kama bei zimepanda kwa asilimia 6. Kama bei zimepanda zaidi au pungufu, usitumie 26.8. Chukua salio, ligawanye kwa kiasi ambacho bei zimepanda kweli tangu leo, uone kama linafika 20. Likipungua kwa milioni moja kwa sababu ya mwaka mbaya wa soko, liache. Likipungua miaka mitatu mfululizo, rudi kwenye fomula ya tatu, weka salio halisi na miezi iliyobaki, uone mchango mpya unaotakiwa.

Na angalia kama michango yote imeingia. Taarifa iwe na mistari 12 ya mchango wako na 12 ya mwajiri. Mwezi uliokosekana ukiwa na miaka 35 una thamani mara mbili na nusu na zaidi ukifika 63, hivyo ufuatilie mwezi huohuo, ukiwa na hati yako ya mshahara inayoonyesha makato yalitoka.

Kabla ya mwisho wa mwezi nenda ofisi ya rasilimali watu ukaulize mambo mawili: kama mfuko unapokea mchango wa hiari juu ya ule wa kawaida, na kama mwajiri yuko tayari kuongeza chochote ukiongeza wewe. Sehemu nyingi mchango wa aina hiyo hukatwa kabla ya kodi hadi kikomo fulani, na hapo 50,000 inayoingia kwenye mfuko inapunguza mshahara unaoupata mkononi kwa chini ya 50,000. Waombe wakukokotolee kwenye hati ya mshahara ya mfano. Ukitaka nikuangalizie majibu watakayokupa, niandikie tena pamoja na taarifa ya mfuko ya mwaka uliopita, ukifuta namba yako ya uanachama.